Ijumaa Mubarak ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji

Assalaam alaykum wapendwa. Leo nna kadogo tu kuhusu subra. Wengi tunadhani subra ni kunyamaza baada ya wiki, machungu yakishapoa, kumbe hapo hata asiyeswali ananyamaza. Kuna yule mama alokuwa analia kaburini, Mtume (s.a.w.) akapita akamwambia mche Allah usubiri, mama akamjibu niache, hayajakupata yaliyonipata mimi. Hakumjua. Alipoambiwa yule ni nani akamfata mpaka mlangoni kwake kuomba radhi, akaambiwa subra ni pale pigo la kwanza. Iko kwenye Bukhari na Muslim.

Sasa chukua mfano umeanika dagaa pale Kibirizi, mvua inashuka ghafla mzigo wote unalowa. Ile dakika mdomo unapotaka kumtukana kijana uliyemwachia kuangalia ndo penyewe, sema kwanza Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na kama hasira imepanda we umesimama basi kaa chini, ukiona bado jilaze, hilo nalo ni fundisho la Mtume. Afu ndo mkimbilie kuokoa dagaa, maana subra sio kukaa unaangalia mali ikiharibika eti nimesubiri.

Na machozi hayavunji subra jamani, Mtume mwenyewe alimlilia mwanae Ibrahim. Kinachokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na maneno ya kumlaumu Mola.

Haya, tusisahau Suratul Kahf na kumswalia Mtume kwa wingi, tuwahi msikitini kabla hotuba haijaanza.