SOMO: Kuwaita wapangaji kwenye kikao cha kuchangia gharama za mlinzi

Wenye nyumba wengi huandika ujumbe wa mistari miwili: "Wapangaji wote mnatakiwa kikaoni Jumapili kujadili suala la ulinzi." Mpangaji akiusoma anaelewa jambo moja tu, kwamba kodi inapandishwa kwa mlango wa nyuma. Siku ya kikao nusu yao hawaji, na waliokuja wamekwisha kukubaliana korido kwamba watakataa. Kwa maoni yangu, kikao cha aina hii hushinda au hushindwa kabla hakijaanza, kutegemea kama barua ya mwaliko imebeba hesabu kamili na imesema waziwazi mwenye nyumba mwenyewe anatoa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Tabata, Dar es Salaam, ambayo mwenye nyumba anaishi uani na familia yake. Ina wapangaji kumi: wanne wa chumba kimoja wanaolipa shilingi 60,000 kwa mwezi, watatu wa chumba na sebule wanaolipa 120,000, wawili wa vyumba viwili vyenye choo ndani wanaolipa 250,000, na mwenye fremu ya mbele anayelipa 100,000. Kodi yote ni 1,200,000 kwa mwezi.

Hatua ya kwanza: soma mikataba yako

Kama mkataba unasema kodi inajumuisha ulinzi, huna cha kuitisha kikao mpaka mkataba huo uishe. Kama haujataja ulinzi kabisa, unaweza kuomba mchango, lakini ni ombi, na litamfunga yule tu aliyelikubali kwa saini yake. Sheria ya zamani ya udhibiti wa kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kilichoandikwa kati yako na mpangaji kina uzito mkubwa kuliko mazoea ya mtaa.

Hatua ya pili: piga hesabu ya mlinzi mzima

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika mshahara peke yake, kisha baada ya miezi miwili wanarudi kuomba nyongeza, na imani ya wapangaji inakufa siku hiyo. Anza na saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mlinzi anayeingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, usiku sita kwa wiki, anatimiza saa 45 kamili. Mkitaka aanze saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, usiku saba, hiyo si kazi ya mtu mmoja, hata kama mitaani tunawaona wengi wakifanyishwa hivyo, na ndiyo maana wengi wao tunawakuta wamelala kwenye kiti.

Kwa nyumba yetu ya mfano, mshahara ni 240,000, ndani yake ikiwemo nyongeza ya asilimia 5 ambayo sheria inaitaka kwa saa za usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kuandika tarakimu yako, angalia amri ya kima cha chini cha mshahara inayotumika wakati huo, kwa kuwa hubadilishwa mara kwa mara. Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ni 24,000, na ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nusu asilimia, ni 1,200. Mlinzi wa akiba wa usiku wa mapumziko analipwa 10,000 kwa usiku, na kwa kuwa baadhi ya miezi ina usiku wa namna hiyo mitano, tenga 50,000. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ukiondoa siku nne ambazo angepumzika hata hivyo, unabaki na usiku 24 wa kumlipa mtu wa akiba, yaani 240,000 kwa mwaka au 20,000 kwa mwezi. Betri za tochi na vitu vidogo ni 4,800. Jumla ni 340,000 kwa mwezi.

Hatua ya tatu: taja fungu lako, kisha gawa linalobaki

Mwenye nyumba wa mfano wetu anabeba 220,000, kwa sababu jengo ni lake, gari linalolala uani ni lake, na mlinzi huyo angemlinda hata wapangaji wasingekuwepo. Zinabaki 120,000 za kugawa kwa watu kumi.

Ukigawa sawasawa, kila mmoja anatoa 12,000. Kwa mwenye vyumba viwili ni kitu kidogo, lakini kwa mwenye chumba kimoja ni sehemu ya tano ya kodi yake. Ukigawa kwa uwiano wa kodi, kila mmoja anatoa asilimia 10: wa chumba kimoja 6,000, wa chumba na sebule 12,000, wa vyumba viwili 25,000, na mwenye fremu 10,000. Safari hii watalalamika wa vyumba viwili, na wana hoja, kwani geti ni moja na mlinzi halindi kwa ukubwa wa chumba.

Mimi napendelea mchanganyiko: nusu ya fedha, yaani 60,000, igawanywe sawa, na nusu nyingine ifuate kodi. Kila mmoja anaanza na 6,000, kisha anaongeza asilimia 5 ya kodi yake. Wa chumba kimoja anafikia 9,000, wa chumba na sebule 12,000, wa vyumba viwili 18,500, na mwenye fremu 11,000. Zijumlishe nawe uone: 36,000, 36,000, 37,000 na 11,000, zinatimia 120,000.

Andika pia sheria moja ambayo wapangaji wataiuliza hata usipoitaja: chumba kikiwa kitupu, fungu la chumba hicho ni la mwenye nyumba. Ukiwahamishia waliobaki, unawatoza kwa hasara isiyo yao.

Hatua ya nne: andika barua na kuifikisha

Itoe angalau siku saba kabla, kwa karatasi, mkononi mwa kila mpangaji, hata kama mna kundi la WhatsApp. Epuka Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, na uliza kwanza nani anafanya kazi za zamu. Mfano huu unaweza kuurekebisha:

> *Ndugu Mpangaji,*
>
> *YAH: MWALIKO WA KIKAO KUHUSU MLINZI WA USIKU*
>
> *Nakualika kwenye kikao kitakachofanyika hapa uani siku ya Jumapili, tarehe ........., saa kumi kamili jioni, kwa muda usiozidi saa moja na nusu.*
>
> *Napendekeza tuajiri mlinzi wa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku. Gharama yote ni shilingi 340,000 kwa mwezi, na mchanganuo wake umeambatishwa. Mimi nitatoa 220,000, pamoja na fungu la chumba chochote kitakachokuwa kitupu. Fungu ninalokuombea wewe ni shilingi ......... kwa mwezi.*
>
> *Hakuna uamuzi uliokwisha kufanyika. Kikao kitaamua kama tunamhitaji mlinzi, saa zake, namna ya kugawana gharama, na nani kati ya wapangaji atatunza daftari la michango. Fedha hizi si sehemu ya kodi na zitakuwa na risiti yake.*
>
> *Usipoweza kufika, tafadhali niletee maoni yako kwa maandishi au umtume mtu mzima wa nyumbani kwako.*
>
> *Wako,*
> *Mwenye Nyumba*

Fungu la kila mtu lijazwe kwa kalamu katika barua yake, ila mchanganuo ulioambatishwa uonyeshe mafungu ya vyumba vyote, maana watakwenda kulinganisha tu.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Anza na swali la kama mlinzi anahitajika, usianze na fedha. Huenda wakasema taa mbili za nje na kufuli jipya la geti vinatosha kwa sasa, na hilo ni jibu halali. Wakikubali, andikeni muhtasari, kila aliyekubali atie saini mbele ya kiasi chake, na tarehe ya kuanza iwe mwanzo wa mwezi unaofuata. Mlinzi atakayepatikana apelekwe ofisi ya serikali ya mtaa akiwa na kitambulisho cha NIDA, picha na wadhamini wawili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye nyumba, Morogoro: Ndugu mwalimu, wapangaji wangu wawili kati ya wanane wamegoma kuchangia. Je, ninaweza kuwakatia maji mpaka walipe?

Jibu: Hapana. Maji wameyalipia kwa makubaliano mengine, na ukiyakata wewe ndiwe utakayeitwa kujieleza. Beba fungu lao mpaka mikataba yao iishe, kisha uliingize kwenye mkataba mpya ili waamue wenyewe kubaki au kuondoka. Waliokubali waambie kwamba pengo unalibeba wewe, la sivyo nao wataacha mwezi ujao.

Mpangaji, Kimara: Nimekwisha kulipa kodi ya miezi sita, na mkataba hautaji ulinzi. Nikikataa, baba mwenye nyumba anaweza kunitoa?

Jibu: Kwa sababu hiyo peke yake, ndani ya miezi uliyolipia, hapana. Lakini kikaoni nenda. Ukikaa chumbani, saa za mlinzi na mgawanyo wa gharama vitaamuliwa bila wewe, na mkataba ujao utavikuta vimekwisha kuwa utaratibu wa nyumba.

Mwenye nyumba, Mbagala: Kwa nini nibebe 220,000 wakati wanaolindwa ni wao? Mimi ningewaachia 240,000.

Jibu: Piga hesabu. Kwa kodi ya 1,200,000, hizo 240,000 ni sawa na kuwaongezea kodi kwa asilimia 20 kwa siku moja. Mpangaji mmoja wa vyumba viwili akihama na vyumba vikakaa vitupu mwezi mmoja, umepoteza 250,000, na bado fungu lake la mlinzi ni lako.

Mwanachama, Temeke: Kijana wa mtaani yuko tayari kulinda kwa fedha kidogo mkononi, bila NSSF. Si nafuu kwa wote?

Jibu: Ni nafuu mpaka siku atakapopigwa panga getini. Siku hiyo ataulizwa aliyemwajiri, na kwa macho ya sheria mwajiri ni wewe unayemlipa. Kama hutaki kazi ya kuajiri, tafuta kampuni ya ulinzi na uombe ankara ya maandishi, ukiuliza kama bei ina VAT ndani yake na kama inajumuisha mtu wa siku za mapumziko. Bei ikionekana kubwa kuliko 340,000, linganisha kwanza saa zinazotolewa.

Mpangaji, Tabata: Pikipiki ikiibwa mlinzi akiwa zamu, nani analipa? Wenzangu wanasema tumkate mshahara mpaka itimie.

Jibu: Mchango wa ulinzi si bima, na mwenye nyumba asiahidi hivyo kikaoni ili kupata saini. Kumkata mlinzi kunahitaji ridhaa yake ya maandishi, ithibitike kwamba kosa ni lake, na apewe nafasi ya kujieleza. Hata hapo, makato yote hayapaswi kuzidi robo ya mshahara wake. Kwa mlinzi wa 240,000 hiyo ni 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo pikipiki yako ikatie bima yake mwenyewe.

Mwenye fremu, Tabata: Nafunga duka saa mbili usiku na mlinzi anaingia saa nne. Saa hizo mbili ndizo ninazoziogopa.

Jibu: Lete hoja hiyo kikaoni kabla saa hazijapitishwa. Saa 45 zinaweza kuanza saa mbili usiku na kuisha saa tisa na nusu usiku, gharama zisibadilike, lakini wengine watauliza nani analinda kuanzia hapo hadi alfajiri. Mkizitaka saa zote, mlinzi ataongezewa saa mbili kila usiku, ambazo ni 12 kwa wiki. Sheria inaruhusu saa za ziada hadi 50 katika wiki nne, kwa hiyo 48 zinaingia, ila kila moja inalipwa mara moja na nusu, na hesabu yote ya 340,000 itabidi ipigwe upya kabla ya barua kutoka.