SOMO: Kuondoa "imebainika" na "zinafanyiwa kazi" kwenye taarifa ya mradi

Wiki hii nimerudishia watu watatu taarifa za maendeleo kwa kosa lilelile, na kila mmoja ameniuliza "sasa niandikeje?" Naandika hapa mara moja, anayeuliza tena nimwelekeze huku. Mimi ni mratibu wa miradi ya maji hapa Mtwara, na mifano yote nimeichukua kwenye mnara wa tenki tunaojenga kijiji kimoja upande wa Nanyamba.

Hii ndiyo aya niliyoletewa:

"Ujenzi wa mnara unaendelea. Changamoto mbalimbali zimejitokeza na zinafanyiwa kazi. Imebainika kuwa saruji ilicheleweshwa. Hatua stahiki zimechukuliwa na inatarajiwa kuwa kazi itakamilishwa hivi karibuni."

Soma tena, kisha niambie nani amefanya nini. Hakuna. Mfadhili akiisoma atapiga simu, na simu hiyo nitaipokea mimi.

Hatua ya 1. Andika rasimu kama inavyokujia. Usijizuie.

Hatua ya 2. Pigia mstari kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa (zimechukuliwa, ilicheleweshwa, itakamilishwa) au ya kutendeka (imevunjika, imeharibika, imekamilika). Usitafute "wa" kwa kompyuta, itakuletea nusu ya ukurasa. Pia usidanganyike na mwisho wa neno: kuchelewa na kuelewa vinaishia na -wa lakini si kutendwa. Jiulize swali moja tu: kwenye sentensi hii, mtendaji yupo?

Hatua ya 3. Mtafute mtendaji, usimkisie. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipomuumiza mtu.

Kwenye mradi wa nyuma nilikuta sentensi kama hiyo, "saruji ilicheleweshwa". Nikaigeuza haraka: "Mkandarasi alichelewesha saruji." Kisarufi ilikuwa safi, na taarifa ikaenda. Siku chache baadaye mkandarasi akapata barua ya onyo. Akaja ofisini na karatasi zake mkononi: ankara aliileta kwa wakati, na muuzaji alikuwa anasubiri malipo ili apakie mzigo. Tukafungua faili. Ankara ilikaa kwetu siku tisa bila saini. Aliyechelewesha ni sisi. Niliandika barua ya kusahihisha na nikamwomba radhi ana kwa ana, lakini barua ya onyo ilishaingia kwenye jalada lake.

Sentensi ya kutendwa inaficha mtendaji. Ukiigeuza bila kuuliza, unamtaja asiye na kosa, na hilo ni baya kuliko kuficha. Tangu siku hiyo simtaji mtu mbele ya kitenzi mpaka niwe na karatasi (hati ya kupokea mzigo, muhtasari wa kikao, daftari la saiti) au nimempigia mwenyewe nikamsomea: "Nitaandika hivi, ni sawa?" Simu ya dakika mbili.

Angalia na kitenzi chenyewe. "Alichelewesha" kinahukumu. "Alileta tarehe 10, tulikubaliana tarehe 6" kinaeleza. Andika kilichoonekana, msomaji atahesabu siku mwenyewe.

Na tahadhari ya mwisho kwenye hatua hii: usikimbilie "tu-". "Tumechukua hatua stahiki" ni kauli ya kutenda, lakini haisemi lolote. Kitenzi kiwe cha jambo ambalo mtu aliyesimama pale angeliona kwa macho: kumwaga, kulipa, kusaini, kufunga, kupima.

Hatua ya 4. Geuza sentensi. Una njia mbili. Ya kwanza, mtendaji mbele: "Muuzaji alileta saruji mifuko 60." Ya pili ni yetu Waswahili na watu wanaisahau: kiache kitu mbele kama kinachozungumziwa, kisha weka kiambishi chake ndani ya kitenzi: "Saruji, muuzaji aliileta Ijumaa." "Pampu tutaifunga sisi." Bado ni kutenda, mtendaji yupo, na msomaji anayefuatilia saruji anaiona mwanzoni. Wengi hukimbilia kutendwa kwa sababu tu wanataka kitu kianze sentensi. Huhitaji kutendwa kwa hilo.

Hatua ya 5. Weka tarehe na kiasi.

Aya ile sasa, baada ya kumpigia fundi mkuu na kufungua faili la malipo:

"Saruji mifuko 60, muuzaji aliileta Ijumaa tarehe 10 Oktoba. Tulikubaliana ailete tarehe 6, lakini ofisi yetu ilimlipa tarehe 9. Jumanne tarehe 14 mafundi walimwaga zege la nguzo nne. Ijumaa tarehe 17 mkandarasi atamwaga zege la juu, litakapokaa tenki la lita 10,000. Zege hilo tutaliacha siku 28 likomae, kisha mkandarasi atapandisha tenki kuanzia tarehe 14 Novemba."

Angalia kilichotokea kwa "changamoto mbalimbali". Nilipouliza ni zipi, ilikuwa moja tu, saruji. Neno limeondoka lenyewe. Na "hivi karibuni" ikawa karibu mwezi mzima, jambo ambalo mfadhili alipaswa kulijua mapema, maana tenki hilo likijaa maji linabeba tani kumi na hakuna anayeweza kuharakisha zege.

Hatua ya 6. Acha kutendwa pale kunapostahili. "Nyaya mita 40 zimeibwa usiku wa Jumapili" iache hivyo, mwizi hatumjui. Vilevile mwanakijiji aliyekuletea lalamiko kwa siri. Andika "tumepokea lalamiko kuhusu foleni ya kituo cha pili", usimtaje.

MASWALI

Kutoka Masasi: Dada, sijasoma yote niko njiani. Kwa hiyo kila mahali niweke "tume-" tu?

Hapana. Hatua ya 3, aya ya mwisho.

Kutoka Ruangwa: Shikamoo dada. Bosi wangu anasema kutendwa ndiyo lugha ya heshima ya ofisi. Nina hati ya malipo iko mezani kwake tangu tarehe 3. Siwezi kuandika "Mkurugenzi hajasaini". Nifanyeje?

Marahaba. Swali zuri, na bosi wako hajakosea kabisa, heshima ni sehemu ya kazi. Lakini heshima hiyo unaipata kwa kuchagua nani awe mtendaji. Wewe una tendo lako la kweli: uliwasilisha. Andika: "Tuliwasilisha hati ya malipo kwa Mkurugenzi tarehe 3. Tukiipata yenye saini kufikia tarehe 12, mkandarasi ataagiza mabomba wiki hiyohiyo." Watendaji ni ninyi na mkandarasi. Hakuna aliyelaumiwa, tarehe iko wazi, na bosi anajua lini saini yake inahitajika. Ukiandika "malipo yanashughulikiwa", yeye mwenyewe anaweza kudhani yapo kwa mhasibu. Mwonyeshe kabla hujatuma.

Kutoka Mtwara mjini: Naona unawafundisha watu kuchongea wenzao kwa maandishi.

Nimeeleza kwa kirefu jinsi nilivyomuumiza mtu kwa kumtaja bila kuuliza, na nimesema asomewe sentensi kabla haijaenda. Aliyesomewa akakubali hajachongewa. Anayechongewa ni yule anayesingiziwa kimoyomoyo kwa sababu taarifa imesema "ilicheleweshwa" na kila msomaji amemchagua wa kwake.

Kutoka Nachingwea: Mwalimu wa Kiswahili hapa. Umeweka kutendeka na kutendwa kapu moja. "Pampu imeharibika" na "pampu imeharibiwa" si sawa.

Ni kweli mwalimu, asante. Nilizichanganya kwa kupigia mstari tu, kwa sababu zote mbili hazina mtendaji mbele. Lakini tofauti yake kazini ni kubwa. "Imeharibiwa" inakubali kuwa kuna aliyeharibu, unaweza hata kuongeza "na" ukamtaja. "Imeharibika" inasema hali tu, ukiongeza "na fundi" sentensi inavunjika. Kwa hiyo anayetaka kuficha hupenda zaidi kutendeka, kwa sababu hata swali la "na nani?" halina pa kuingilia. Nikikutana na "imeharibika" nauliza mara mbili: imechakaa, au kuna aliyeiwasha bila maji kisimani? Kama imechakaa yenyewe, naiacha hivyohivyo, ndiyo ukweli wake.

Kutoka Nachingwea tena: Na "barabara imekatika kwa mvua"?

Iache. Mvua haipigiwi simu. Ongeza tu mtu anayefuata: "Barabara imekatika kwa mvua tarehe 2. Dereva atapitisha mabomba njia ya juu Alhamisi."

Kutoka Lindi: Mimi ni fundi, taarifa naandika kwa simu natuma kwenye kundi. Haya yote yataenea?

Yanaenea, fundi, na taarifa yako inaweza kuwa mistari mitatu. Wa kwanza: tulichofanya leo, na kiasi. Wa pili: tulichokwama, na tunamsubiri nani. Wa tatu: nani anafanya nini kesho. Kwa mfano: "Leo tumechimba mtaro mita 35. Viungio vya bomba vimeisha, tunamsubiri mtunza stoo alete 12. Kesho asubuhi tunafukia mita 20 za mwanzo." Hiyo naiweka kwenye taarifa ya wiki karibu neno kwa neno.

Kutoka Lindi: Sawa. Na picha nitume pamoja?

Maneno kwanza, picha baadaye. Mtandao ukiwa hafifu picha hukwama na maneno yakakwama nayo. Kwenye picha weka kitu cha kupimia, koleo au mfuko wa saruji, ili anayeangalia aone kina cha mtaro.

Kutoka Newala: Daftari letu la saiti lililowa wino wote ukatawanyika, ndiyo maana tuliandika "ilibainika". Hatukuwa na tarehe.

Pole. Tumieni penseli, maji hayaitoi kama wino, na daftari likae kwenye mfuko wa nailoni. Kwa tarehe zilizopotea, nendeni kwa muuzaji, nakala za hati za kupokea mzigo anazo. Linganisheni na ujumbe wa simu wa siku zile. Tarehe msizozipata andikeni "wiki ya pili ya Septemba", msibuni siku.

Kutoka Masasi: Nimesoma sasa. Hii yangu iko sawa? "Kamati wamepitisha bajeti na utekelezaji utaanza."

Nusu. Andika "Kamati imepitisha". Bajeti ni shilingi ngapi, imepitishwa kikao cha tarehe gani? Na "utekelezaji utaanza" bado umemficha mtu. Nani anaanza, na nini? Uliza mwenyekiti, kisha niletee.