Somo: Kumtoa mtu kwenye kununa hadi tabasamu. Liquify, au mdomo wa kuumbwa?

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Kila wiki ananifuata mtu na picha ya marehemu aliyenuna kama amedhulumiwa shamba, anataka acheke, na kila mara naandika maelezo yaleyale upya. Sasa naandika mara moja, halafu atakayeuliza nitamrudisha hapa.

Nina studio ndogo Mwanga, Kigoma mjini. Kazi zangu nyingi ni picha za ukutani zinazotengenezwa kutoka pasipoti saizi, na pasipoti saizi karibu zote mtu kanuna. Natumia Photoshop. Njia ni mbili. Liquify inasukuma pikseli zilizopo: kona ya mdomo ilikuwa hapa, inapelekwa pale. Akili mnemba (Smart Portrait na Generative Fill) inaumba pikseli ambazo hazikuwepo. Ukilielewa hilo, umeshajua nusu ya somo: mdomo uliofumba na utakaobaki umefumba ni kazi ya Liquify. Ukitaka meno yaonekane, Liquify haina pa kuyatoa, na akili mnemba itakupa meno ya mtu mwingine.

Hatua ya 1. Skani picha kwa 600 dpi. Pasipoti ni ndogo, usiibanie.

Hatua ya 2. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, chagua Convert to Smart Object. Hapo Liquify utaifungua tena kesho ukirekebisha namba zilezile.

Hatua ya 3. Filter > Liquify, kisha bonyeza A kuita Face Tool. Kama sehemu ya Face-Aware Liquify imefifia na haishikiki, nenda Edit > Preferences > Performance, uwashe Use Graphics Processor. Kama uso umegeuka sana upande, programu inaweza isiuone kabisa. Hapo utasukuma kwa mkono tu.

Hatua ya 4. Fungua Mouth. Slaida ya Smile inafika 100, lakini mimi sivuki 30. Picha nitakayoisimulia hapa chini niliishia Smile 22 na Mouth Width 6. Ukizidisha, mdomo wa juu unakonda, kona zinapinda kama upinde wa mshale, na mtu anakuwa katuni. Ukishaweka, chukua Forward Warp Tool, Pressure ishirini hivi, brashi kubwa kuliko shavu, usukume shavu juu kidogo sana kuanzia nje ya kona ya mdomo. Kabla ya kusukuma, paka Freeze Mask kwenye pua na ukosi wa shati visije vikafuata. Halafu kona moja iinue kuliko nyingine kwa pikseli mbili tatu, kwa sababu hakuna binadamu anayetabasamu sawasawa pande zote.

Hatua ya 5, niliyowahi kuiharibu. Mama mmoja alikuja kutoka Ujiji na picha ya mumewe imefungwa kwenye ncha ya kanga. Pasipoti yenye pazia la buluu, mzee kakunja ndita, kona za mdomo zimeshuka. Alitaka picha kubwa ya kuweka sebuleni kabla ya hitma. Nilikuwa na haraka. Nikaenda Filter > Neural Filters > Smart Portrait, nikavuta Happiness mbali sana. Mdomo ukafunguka, meno yakatoka meupe, yamepangana kama ya tangazo la dawa ya meno. Nikaona nimeua kazi. Nikachapa, nikatia fremu, nikampigia. Mama akaishika picha, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga, akanyamaza. Kisha akauliza, "Mwanangu, mwanya wake umeupeleka wapi?" Mzee alikuwa na mwanya, mtaa mzima walimjua kwa huo mwanya. Kwenye pasipoti kafumba mdomo, kwa hiyo programu haikuwa na namna ya kujua. Imejaza meno ya kawaida ya watu. Fremu na karatasi nikavilipa mwenyewe.

Kwa hiyo onyo: meno usiyaumbe kama huna picha nyingine ya mtu huyohuyo akicheka. Ukiwa nayo, kata mdomo kutoka kwenye hiyo picha, uuhamishe. Kama huna, mwachie mdomo umefumba. Na usichape kitu kabla mtu wa nyumbani hajakiona. Usimuulize "ni nzuri?" maana atakujibu nzuri kwa heshima. Mpe simu, mwangalie usoni.

Lakini nisiionee hiyo programu. Nilipoweka picha mbaya na ya asili sambamba, niliona kitu ambacho Liquify hainipi: macho. Smart Portrait ilikuwa imejenga uso mzima upya, kope za chini zimepanda, shavu limejaa chini ya jicho. Ya Liquify ilikuwa na mdomo unaocheka na macho yanayodai deni. Basi siku hizi nachanganya, na kazi ya yule mama niliirudia hivi:

Mdomo nilitumia Liquify, namba za hatua ya 4. Kisha nikachukua nakala ya picha ya asili, nikaipitisha Smart Portrait, Happiness kidogo tu, mdomo usifunguke, Output nikachagua New Layer. Leya hiyo nikaiweka juu, nikaifunika kwa maski nyeusi, nikapaka nyeupe kwa brashi laini yenye Opacity 40% kwenye kope za chini na juu ya mashavu peke yake. Mboni za macho usiziguse. Mboni ikibadilika, mtu amebadilika.

Zikabaki ndita na ile mistari miwili inayoshuka kutoka kona za mdomo kwenda kidevuni. Hapa ndipo wengi wanaacha kazi nusu. Smile inainua kona, lakini mstari wa kununa unabaki palepale, uso unasema mambo mawili. Tengeneza leya mpya tupu, tumia Healing Brush Tool ikiwa Sample imewekwa Current & Below, futa mistari, halafu shusha Opacity ya leya hadi 50%. Usiifute yote, mzee wa miaka sabini hana ngozi ya mtoto.

Hatua ya 6. Sehemu iliyoumbwa huwa laini kuliko picha ya zamani yenye chenga. Filter > Noise > Add Noise, weka Gaussian na Monochromatic, 2% hivi, kwenye leya iliyoumbwa tu. Kisha kuza hadi 100% uangalie mpaka wa maski.

Hatua ya 7. Hifadhi PSD. Umeme wetu mnaujua.

Mama alipoiona ya pili alicheka kidogo, akasema, "Huyu ndiye, alikuwa anacheka kwa kujibana."

---

Kasulu_Digital: Mkuu nimeweka Smile 100 anaonekana kama jini. Photoshop yangu mbovu?

Mwandishi: Hatua ya 4. Nimeandika sivuki 30.

Kasulu_Digital: Sasa kwa nini wameweka 100?

Mwandishi: Spidomita ya pikipiki yako inaishia ngapi, na wewe unakimbiza ngapi?

BintiKibirizi: Shikamoo kaka. Mimi najifunza. Umesema macho yanadai deni, nimeliona hilo kwenye kazi zangu zote ila sikujua sababu. Ni nini hasa kinachotokea pale?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Kuna daktari Mfaransa, Duchenne, alichapisha kitabu 1862 kuhusu misuli ya uso, alikuwa anaistua kwa umeme. Aliona kuna msuli unaovuta kona za mdomo, huo unaweza kuuamuru. Kuna mwingine unaozunguka jicho, huo unakaza wenyewe mtu anapofurahi kweli, na yeye aliamini hauamuriki. Liquify kwenye Smile inaiga ule wa kwanza peke yake. Simama mbele ya kioo ufunike mdomo kwa kiganja, cheka kwa kujilazimisha, kisha mkumbuke mtu anayekuchekesha kweli. Tazama kope ya chini. Kama huna Smart Portrait, humohumo kwenye Liquify shusha Eye Height kidogo, 6 au 8 chini ya sifuri, kisha sukuma kope ya chini juu kwa brashi ndogo. Haitafika pale pale, lakini macho yatakubaliana na mdomo.

BintiKibirizi: Nimejaribu kiooni, kweli! Na Generative Fill je? Nikichagua mdomo tu unakuja kama stika.

Mwandishi: Kwa sababu umechagua mdomo tu. Tabasamu linaanzia pembeni ya pua. Chagua kutoka chini ya pua hadi katikati ya kidevu, pande zote mbili upite mikunjo ya mashavu, kisha andika kwa Kiingereza:

```
subtle closed-mouth smile
```

Utaletewa matoleo matatu. Yaangalie pua na ndevu kwanza, mdomo baadaye, maana vinavyohama bila kuagizwa ndivyo vitakavyokusaliti. Mimi naitumia pale ambapo mdomo kwenye picha umeliwa na ukungu, hakuna pikseli za kusukuma.

MzeeWaReli: Nina kitambulisho nimetoka nimenuna, nikutumie uirekebishe? Malipo nitakupa.

Mwandishi: Picha ya kitambulisho haiguswi. Hapana.

MzeeWaReli: Kijana unakataa hela?

Mwandishi: Hiyo nakataa, mzee wangu. Ukitaka ya sebuleni karibu.

Tabora_Kwetu: Sina kompyuta. Simu je?

Mwandishi: Snapseed ina Head Pose, ndani yake mna Smile. Inasukuma, haiumbi, kwa hiyo masharti ni yaleyale ya Liquify: kidogo. Kwenye kompyuta isiyo na Photoshop, GIMP ina Warp Transform, bonyeza W. Hiyo haitambui uso, kila kitu ni mkono wako.

BintiKibirizi: La mwisho kaka. Picha ya bibi imegandia kwenye kioo cha fremu, naibandua vipi niskani?

Mwandishi: Usiibandue! Rangi itabaki kwenye kioo na sura ya bibi nayo. Toa fremu, pangusa kioo kwa nje, toka nayo uani kivulini, ipige ikiwa imelala, kamera juu yake imenyooka. Vaa nguo nyeusi, shati jeupe litajiona kwenye kioo. Piga nne tano, kisha nitumie nikuangalizie ipi ya kuanza nayo.