Chumba cha mvutaji sigara: ya kufanya kabla ya kushika brashi

Mpangaji wangu hapa Malindi alivuta sigara miaka mingi chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mbu. Alipohama nikabandua kalenda: nyuma yake ukuta mweupe, pembeni yake rangi ya chai kavu. Fundi akapiga dari mikono miwili ya rangi ya maji. Kesho yake madoa ya kahawia yalikuwa yamejitokeza tena.

Lami ya sigara kwa sehemu huyeyuka kwa maji. Rangi ya maji ikiwa mbichi huilainisha, na inapokauka huivuta hadi juu. Ndiyo maana hata mkono wa tatu ni hasara tu.

Kwanza hakikisha ni lami kweli. Futa kwa kitambaa cheupe kibichi; kikitoka na umanjano, ni sigara. Kisipotoka na kitu, huenda ni rangi ya mafuta iliyozeeka tu, na doa lenye ukingo mweusi chini ya bati linaweza kuwa ni mvujo, ambao dawa yake iko juu ya paa.

Nilianza upya kwa magadi ya sokoni, nusu kikombe kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu. Vaa glovu na miwani, maana magadi huchoma macho, na zima umeme kabla ya kugusa dari. Usichanganye jiki na dawa yoyote yenye amonia. Mvuke wake ni sumu. Anza na dari, kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, kwa sababu bodi ya jipsamu ikilowa hulegea. Ukutani osha kutoka chini kwenda juu. Wengi hufanya kinyume, kisha maji machafu hutiririka juu ya sehemu kavu yenye lami na kuacha michirizi migumu kutoka. Badilisha maji yakigeuka kahawia, kisha suuza mara mbili, kwani magadi yakibaki rangi haishiki.

Kuta za zamani za chokaa, kama za Lamu, usizifanyie hivi. Chokaa iliyopakwa hutoka na maji; kwangua kavu kwa brashi ngumu, huku umefunika pua.

Acha pakauke kabisa. Wakati wa masika ukuta wa pwani huchelewa, hivyo mimi husubiri siku mbili au tatu. Halafu piga mkono mmoja wa praima ya mafuta ya kuzuia madoa, dirisha wazi, na uache usiku mzima. Kwenye chokaa mbichi au ukuta wenye unyevu haifai, kwani hufungia maji ndani na kubanduka.

Kabla ya kununua ndoo nzima ya rangi, paka kipande cha shibiri moja kwenye kona mbaya kuliko zote, ulale, uangalie asubuhi. Changu kilibaki cheupe, ila ukingo mmoja karibu na taa, ambao nilirudia praima.