Essere au avere? Pitia kwenye Kiswahili kwanza

Nilipoanza kutafsiri matangazo ya hoteli Malindi kutoka Kiingereza kwenda Kiitaliano, niliandika: «L'orario ha cambiato». Mgeni mmoja Mwitaliano akaniuliza kwa upole, «Ratiba imebadilisha nini?» Nilipaswa kuandika «L'orario è cambiato». Kiingereza kilinipotosha, maana chenyewe hutumia have kila mahali. Siku hizi, kabla sijaandika kisaidizi cha wakati uliopita, yaani essere, «kuwa», au avere, «kuwa na», nasema sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili. Hatua zangu ni hizi.

Hatua ya 1: Sahau kitenzi cha Kiingereza, chagua cha Kiitaliano.
Kisaidizi hufuata kitenzi cha Kiitaliano utakachokitumia. Chukua «She ran into the room». Ukikimbilia correre, umeshapotea njia. Kiswahili husema «aliingia chumbani mbio», na Kiitaliano nacho hupanga hivyohivyo: «È entrata nella stanza di corsa». Kitenzi ni entrare, na mbio imebaki pembeni kama maelezo tu. Entrare, uscire, andare, venire, arrivare na partire huchukua essere. Lakini «He swam across the river» ni «alivuka mto kwa kuogelea», yaani «Ha attraversato il fiume a nuoto». Attraversare ina yambwa, mto, kwa hiyo ni avere.

Hatua ya 2: Kwa vitenzi vya mabadiliko, sikiliza mwisho wa kitenzi cha Kiswahili.
Hapa ndipo tulipo na bahati. Sisi tuna vitenzi viwili pale Kiitaliano kinapotumia kimoja: kubadilika na kubadilisha, kuongezeka na kuongeza, kupona na kuponya, kuungua na kuunguza, kuzama na kuzamisha. Kiitaliano hutofautisha kwa kisaidizi. Jambo likitokea lenyewe, ni essere. Mtu akikifanyia kitu kingine jambo hilo, ni avere.

Bei zimeongezeka: «I prezzi sono aumentati».
Serikali imeongeza kodi: «Il governo ha aumentato le tasse».
Nyumba imeungua: «La casa è bruciata».
Nimeunguza wali: «Ho bruciato il riso».

Hata kumaliza na kuisha vinafuata njia hiyo: «Ho finito il lavoro», lakini «Il film è finito».

Hatua ya 3: Angalia kama kuna kihusishi.
Kiswahili kina mtego wake hapa. Tunasema «nimepanda basi» na «nimepanda ngazi» kwa sura moja. Mwitaliano hupanda *juu ya* basi: «Sono salito sull'autobus». Ngazi anaweza kuzipanda moja kwa moja, bila kihusishi: «Ho salito le scale». Scendere hufuata mtindo huohuo.

Hatua ya 4: Correre, saltare na volare uzipime peke yake.
Ukitaja kitendo tu, ni avere. Ukitaja mwendo unaofika mahali, ni essere. Kiswahili mara nyingi hukuonyesha kwa kauli ya kutendea: nilikimbia saa nzima, «Ho corso per un'ora», nilikimbilia nyumbani, «Sono corso a casa». Paka amerukia mezani: «Il gatto è saltato sul tavolo».

Usiieneze kanuni hii kupita kiasi. Camminare, viaggiare, passeggiare na nuotare hubaki na avere hata ukitaja mahali ulipofika: «Ho camminato fino alla stazione». Hizi nilizikariri tu, sikupata njia ya mkato.

Hatua ya 5: Fanya upatanisho.
Ukishachagua essere, neno linalofuata hupatana na kiima: Anna è uscita, i prezzi sono aumentati. Kwa aliyezoea ngeli hili si geni.

Sasa tujaribu sentensi nzima: «Anna ran out of the house, walked to the station and got on the train, but the price had gone up, so she changed her mind and got off.»

Kwa Kiswahili: Anna alitoka nyumbani mbio, akaenda stesheni kwa miguu, akapanda treni, lakini nauli ilikuwa imeongezeka, hivyo akabadilisha mawazo, akashuka.

«Anna è uscita di casa di corsa, è andata a piedi alla stazione ed è salita sul treno, ma il prezzo era aumentato, così ha cambiato idea ed è scesa.»

Avere imetokea mara moja tu, palipo na «akabadilisha». Era aumentato ni wakati uliotangulia. È imegeuka era, uchaguzi ni uleule. Na kama mteja angetaka «alilazimika kushuka», andika «è dovuta scendere». «Ha dovuto scendere» nayo hukubalika, ila mimi kwenye maandishi rasmi hubaki na ya kwanza.