Somo: Kupunguza sumu kwenye unga wa makopa kwa maji na mkeka

Muhogo una linamarini, kemikali inayobeba sumu ya sayanidi, ndani ya seli zake, na kwenye kuta za seli hizo kuna kimeng'enya kinachoivunja. Vikiwa vimetengana, vinatulia. Ukikata, ukitwanga au ukitafuna vinakutana, na sayanidi inatoka. Sayanidi hiyo huruka upesi hewani, kwani inachemka kwenye nyuzi 26 hivi. Kwa hiyo tatizo kubwa ni linamarini iliyobaki bila kuvunjwa, maana huvunjikia tumboni.

Ndiyo sababu wazee wanaloweka muhogo mchungu siku tatu au nne mpaka ulainike: seli zinapasuka na kimeng'enya kinapata muda. Njia ya makopa ya kumenya na kuanika tu ni dhaifu, kwa sababu vipande vinakauka kabla kazi haijaisha. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime mwaka 1985, ukame na njaa viliwafanya watu wafupishe maandalizi. Wengi walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na kupooza kwake hakuponi.

Kama unga wako umetokana na makopa yasiyolowekwa, fanya hivi:

1. Weka unga mkavu kwenye bakuli, usawazishe, kisha tia alama ndani ya bakuli pale unga ulipofika.
2. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika kwenye alama, acha maji.
3. Tandaza juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Ukiwa mnene, gesi haitoki vizuri.
4. Acha saa mbili juani au saa tano kivulini.
5. Songa ugali siku hiyohiyo.

Njia hii ilibuniwa Australia na timu ya Howard Bradbury, na ikatumika Kongo vijijini penye konzo. Hupunguza sayanidi hadi theluthi moja au chini ya hapo. Unga uliokuwa na miligramu 60 kwa kilo unaweza kubaki na 20, wakati kiwango cha kimataifa ni 10. Kwa hiyo kama una nafasi ya kuloweka mizizi, loweka kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mama Neema: Si nichemshe tu muhogo mchungu?*
Hapana, mama. Moto unaua kimeng'enya mapema, linamarini inabaki. Kuchemsha kunafaa kwa muhogo mtamu.

*Juma wa Masasi: Nikionja si nitajua?*
Uchungu ni dalili nzuri ya kukuonya kuna sumu, lakini shamba moja wakati wa ukame linaweza kubadilika. Usitegemee ulimi peke yake.

*Bi Zuhura: Watoto wakitapika na kizunguzungu baada ya kula?*
Wapeleke kituo cha afya mara moja, na mchukue unga uliobaki.