Kukadiria E ya faiba: kufuata nyuzi na kukingama nyuzi, hatua kwa hatua

Juzi nilikuwa namsaidia dogo mmoja aliyekuja fildi kwenye karakana ya boti huku Sahare, Tanga. Kakata vipande viwili kutoka shiti moja ya faiba, nyuzi zote zimelala upande mmoja. Kipande kimoja kakikata kufuata nyuzi, kingine kukingama nyuzi. Cha kwanza hesabu yake ya E, yani ugumu wa faiba dhidi ya kurefuka, ilikubaliana na kipimo, cha pili hesabu ilimpa namba ndogo kuliko aliyoipima, tena kwa mbali, akaanza kuilaumu rezini. Rezini haikuwa na tatizo, alikuwa anatumia kanuni ya mkazo sawa mahali ambapo nyuzi hazijakaa hivyo. Naandika hapa njia nzima ninayoitumia, na mifano yote ni glasi ya aina ya E kwenye poliesta kwa sababu ndo kitu kinachotumika kwenye boti zetu.

Hatua ya 1: Hakikisha nyuzi zimelala upande mmoja

Kama shiti yako ni mati ya nyuzi zilizokatwakatwa, zimetawanyika kila upande, hizi kanuni usizichukue moja kwa moja. Hapa nazungumzia kitambaa cha nyuzi ndefu zilizonyooka. Na chora mstari wa kufuata nyuzi kabla hujashika msumeno, maana ukikata ukapinda digrii 10 tu, E ya kufuata nyuzi kwa faiba kama hii inashuka karibu moja ya tano, utakuja kuhangaika na hesabu kumbe kosa liko kwenye msumeno.

Hatua ya 2: Tafuta sehemu ya nyuzi kwa ujazo, sio kwa uzito

Karakanani tunapima kila kitu kwa mizani, kilo ya kitambaa kwa kilo ya rezini, kwa hiyo mtu anasema "nusu kwa nusu" af anaandika 0.5 kwenye kanuni. Hapana. Kanuni inataka ujazo, na glasi ni nzito kuliko poliesta zaidi ya mara mbili: glasi 2.56, poliesta 1.2, gramu kwa sentimita moja ya ujazo. Sasa chukua gramu 100 za faiba ya nusu kwa nusu. Glasi 50 gawa kwa 2.56 unapata ujazo 19.5, poliesta 50 gawa kwa 1.2 unapata 41.7, jumla 61.2. Nyuzi zimechukua 19.5 kati ya 61.2, yani 0.32 tu. Ukiandika 0.5 utapata E kubwa kuliko ukweli kwa karibu nusu yake, na boti itatengenezwa nyembamba kwa kuamini namba hiyo.

Namba ya kwenye ndoo mi siiamini, kwa sababu rola inakamua rezini, nyingine inabaki kwenye brashi. Nachoma. Kata kipande kidogo, kipime, kiweke kwenye tanuru nyuzijoto 565 mpaka rezini iishe yote, pima glasi iliyobaki. Kikianza gramu 6.00 kikabaki gramu 3.00, ni nusu kwa uzito kweli. Usikate sehemu yenye jelikoti, ile ina unga wa madini ambao hauungui, utabaki pale na wewe utauhesabu kama glasi.

Viputo vya hewa navyo viangalie. Faiba ya nusu kwa nusu isiyo na hewa inatakiwa iwe na densiti 1.63. Ukipima yako kwa kuizamisha kwenye maji ukapata 1.57, basi kama asilimia 4 ya ujazo ni hewa. Sehemu ya nyuzi inashuka kidogo tu, toka 0.32 hadi 0.31, lakini kwenye kukingama nyuzi hewa inaumiza zaidi, maana huko rezini ndo inayobeba shughuli.

Hatua ya 3: E ya kufuata nyuzi

Hii ni fupi. Ukivuta kufuata nyuzi, uzi na rezini vimegandana kwa hiyo vinarefuka pamoja, streini ni moja kwa wote. Kila mmoja anabeba mzigo kulingana na ugumu wake, unajumlisha tu:

```
E1 = Vf*Ef + (1 - Vf)*Em
E1 = 0.32*72 + 0.68*3.5 = 25.4 GPa
```

Hapo Vf ni sehemu ya nyuzi kwa ujazo, Ef ni E ya nyuzi na Em ni E ya rezini: 72 ni glasi, 3.5 ni poliesta. Angalia jinsi mzigo ulivyogawanyika: 23 kati ya 25.4 ni ya nyuzi, yani nyuzi zinabeba asilimia 90 wakati hazifiki hata theluthi ya ujazo. Ndo maana ukikosea E ya rezini kidogo hapa hakuna atakayegundua, ila ukikosea sehemu ya nyuzi kila kitu kinaharibika. Kwa nyuzi ndefu zilizonyooka namba hii naitegemea bila wasiwasi.

Hatua ya 4: E ya kukingama nyuzi (hapa kaa, usikimbie)

Vitabu vingi vinakupa hii, ya mkazo sawa:

```
1/E2 = Vf/Ef + (1 - Vf)/Em
1/E2 = 0.32/72 + 0.68/3.5
E2 = 5.0 GPa
```

Sasa fikiria hiyo kanuni inadai nini. Inadai faiba yako ni kama mkate uliopangwa silesi, silesi ya glasi, silesi ya rezini, na mzigo unapita silesi moja kwenda nyingine bila njia ya pembeni. Hapo mkazo kweli ni uleule kila mahali, na rezini inarefuka zaidi ya mara 20 kuliko glasi. Lakini nyuzi sio silesi, nyuzi ni duara, zimezungukwa na rezini pande zote. Sehemu nyingine nyuzi mbili zimekaribiana sana na mzigo unaruka toka uzi hadi uzi kwa njia fupi na ngumu, sehemu nyingine mzigo unapita pembeni ya uzi ndani ya rezini. Kwa hiyo kuna kupokezana na pia kuna kusaidiana kwa wakati mmoja, na rezini iliyobanwa kati ya nyuzi haiwezi kusinyaa kwa upande wa urefu kwa sababu nyuzi zimeishika, nayo inaonekana ngumu kuliko ilivyo ikiwa peke yake. Vyote hivyo vinapandisha E. Ndo maana kanuni ya mkazo sawa ichukue kama sakafu, sio kama jibu.

Mi natumia kanuni ya Halpin na Tsai, na kwa nyuzi za duara naweka 2 pale kanuni inapotaka namba ya umbo la uzi:

```
r  = Ef/Em                     # 20.6
n  = (r - 1)/(r + 2)           # 0.867
E2 = Em*(1 + 2*n*Vf)/(1 - n*Vf)
# E2 = 7.5 GPa
```

Kutoka 5.0 hadi 7.5 sio tofauti ndogo, ni nusu nzima juu. Ile 2 sio sheria ya asili, ni namba iliyochaguliwa ili kanuni ifuate hesabu ndefu zaidi na vipimo, kwa hiyo usiandike desimali tatu ukajisifia. Kuna wengine wanabaki na mkazo sawa ila wanaongeza E ya rezini kwa sababu ya ule mbano, wanaigawa kwa moja toa mraba wa uwiano wa Poisson. Ukiweka 0.35 rezini inakuwa 4.0 na E2 inafika 5.7. Ni nafuu, ila bado iko chini, kwa sababu wamerekebisha mbano tu, silesi wameziacha palepale.

Na ukitaka kujua kama kosa ni la kanuni au la shiti yako, angalia limeelekea wapi. Kipimo kikiwa juu ya mkazo sawa, hiyo ni kawaida. Kikiwa chini yake, acha kanuni kashike kipande: kuna viputo, au rezini haikukauka vizuri, au glasi na rezini hazikushikana. Kanuni zote hizi zinachukulia vimeshikana kabisa.

Hatua ya 5: Pima mwenyewe kwa kuning'iniza uzito

Huhitaji mashine kubwa. Kata kipande upana milimita 25, unene 4, kilaze juu ya vyuma viwili vilivyoachana milimita 200, ning'iniza uzito katikati, soma kimebonyea kiasi gani kwa geji ya mshale.

```
E = F*L**3 / (4*b*h**3*d)   # N na mm, jibu MPa
```

F ni uzito kwa niutoni, kilo moja ni kama 9.8, L ni umbali kati ya vyuma, b upana, h unene, d ni kiasi kilichobonyea, na MPa 1000 ni GPa 1. Kipande cha kufuata nyuzi kwa kilo 2 kinatakiwa kibonyee kama milimita 1 (0.97). Cha kukingama weka kilo 1 tu, huko faiba inapasuka kwa mkazo mdogo na hutaki kuiua kabla hujaisoma. Kama E2 ni 7.5 kitabonyea milimita 1.6, kama ni 5.0 kitabonyea 2.45, tofauti ambayo hata geji ya bei rahisi inaiona. Cha dogo kilikaa karibu na 1.6.

Tahadhari ni unene. Upo kwa nguvu ya tatu, ukisoma 4.2 badala ya 4.0 umeshakosea E kwa karibu asilimia 14. Faiba ya mkono upande mmoja una mawimbi, kwa hiyo pima kwa venia sehemu kadhaa karibu na katikati uchukue wastani, usipime ncha moja ukaridhika.

Hatua ya 6: Ukitumia katani

Huku Tanga lazima mtu aulize, mkonge upo mashambani tangu Mjerumani Hindorf aulete mwaka 1893. Kufuata nyuzi, hatua ya 3 inafanya kazi ukipima E ya nyuzi zako mwenyewe, maana katani inatofautiana sana, kama GPa 9 hadi 22. Kuchoma usichome, katani itaungua pamoja na rezini, hapo pima nyuzi kavu kabla ya kumimina.

Kukingama nyuzi ndo mtego. Glasi ni ngumu sawasawa kila upande, 72 ni 72 hata ukiibana ubavuni. Katani sio hivyo, ndani ina vijishimo vya seli na ugumu wake umelala kwa urefu, ubavuni ni laini mno. Tuseme sehemu ya nyuzi ni 0.3 na E ya urefu ni 15. Ukiiweka hiyo 15 kwenye mkazo sawa unapata 4.5, unadhani katani imeongeza ugumu wa rezini ya 3.5. Lakini kama ubavuni uzi una 3 tu, jibu ni 3.3, chini ya rezini tupu. Kwa hiyo kwa katani mi siweki E2 yoyote kwenye mchoro kabla ya kukata kipande cha kukingama na kukipima kama hatua ya 5, na hicho kipande kikauke kwanza kabisa, katani inanyonya maji na ikilowa inalainika.